Kwa nini sauti ya eafoni za Bluetooth inabaki nyuma ya picha, na kwa nini inakonda mkutanoni

"Mtaalamu, shikamoo. Nimenunua eafoni zisizo na waya, boksi limeandikwa Bluetooth 5.3. Kwenye simu, YouTube iko sawa kabisa. Lakini tamthilia ninazowekewa kwenye flashi, nikizifungua kwenye laptopu, mdomo unatangulia na maneno yanafuata. Gemu ya mpira kwenye simu ndiyo balaa: napiga, mpira uko njiani kwenda golini ndipo nasikia mguu. Na nikiingia mkutano wa Zoom kwa laptopu, sauti inakonda kama ya simu ya mezani, besi hakuna. Muuzaji anasema tatizo ni kodeki, niongeze hela nichukue zenye LDAC. Nizirudishe?" – Msomaji, Morogoro

Marahaba. Usizirudishe kwanza, na hela ya LDAC iache mfukoni. Haitatibu hata moja kati ya hayo matatu. Umenieleza jambo moja la maana sana, kwamba YouTube iko sawa. Hilo peke yake linaonyesha kwamba eafoni zako si mbovu. Zinachelewesha sauti kama eafoni nyingine zote za Bluetooth, ila kuna programu zinazojua kuufidia ucheleweshaji huo na zisizojua, na kuna mahali ambapo hauwezi kufidiwa hata kidogo.

Tuanze na ucheleweshaji wenyewe unakotoka. Muziki ukiwa kwenye simu au laptopu ni mzigo mkubwa. Sauti ya kiwango cha sidii ni kama kilobiti 1,411 kwa kila sekunde, na njia ya redio ya Bluetooth haibebi mzigo huo kwa uhakika. Kwa hiyo sauti inabanwa kwanza, na kanuni ya kuibana ndiyo hiyo kodeki. Ile ambayo kila eafoni ya muziki lazima iwe nayo inaitwa SBC, na kwa mpangilio wake wa kawaida wa ubora wa juu inashusha mzigo hadi kilobiti 328 kwa sekunde. Aifoni hutumia AAC, ambayo hupeleka kama kilobiti 256 lakini inabana kwa akili zaidi.

Kubana huko kunakula muda mdogo kuliko watu wanavyodhani. SBC inachukua sauti vipande vipande, na kila kipande ni sampuli 128, yaani chini ya milisekunde 3. AAC inasubiri sampuli 1,024 ndipo ifanye kazi, yaani kama milisekunde 23. Vipande kadhaa vya SBC hukusanywa kwenye pakiti moja kabla ya kurushwa, na hapo zinaongezeka milisekunde kumi na kitu. Hata ukijumlisha vyote hivyo hujafika kwenye kuchelewa unakokuona kwa macho.

Sehemu kubwa ya muda inalala ndani ya eafoni yenyewe, kwenye akiba. Bluetooth inatumia mawimbi ya gigahezi 2.4, yale yale ya Wi-Fi nyingi na ya maikrowevu ya jikoni, na inaruka kutoka chaneli moja hadi nyingine mara 1,600 kwa sekunde ikitafuta upenyo. Zaidi ya hapo, mwili wako wenyewe ni kizuizi, kwa sababu maji yanameza mawimbi hayo vizuri sana. Simu ikiwa mfuko wa nyuma na sikio liko upande wa pili, pakiti zinapotea kila mara na zinarushwa upya. Pakiti iliyorushwa upya inachelewa kufika. Kama eafoni ingecheza kila pakiti ile sekunde inayoipokea, ungesikia sauti inakatika katika. Kwa hiyo eafoni haichezi mara moja. Inajaza akiba ya milisekunde 100 hadi 200 hivi, halafu inacheza kutoka humo. Ni kama simtanki la nyumbani: bomba la mtaani likikatika kidogo, wewe unayeoga ndani hujui.

Ukijumlisha kubana, kurusha, akiba na kufungua upya, eafoni za kawaida zinaishia kwenye milisekunde 150 hadi 250. Kiasi hicho kinatosha kabisa kuonekana. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, lilitoa mwongozo kwa watangazaji wa televisheni mwaka 1998 unaoonyesha kwamba mtazamaji huanza kugundua sauti ikichelewa kama milisekunde 125, lakini ikitangulia picha anaigundua mapema zaidi, kwenye milisekunde 45 tu. Ubongo umezoea sauti kuja nyuma ya tukio, maana sauti inatembea kama mita 340 kwa sekunde. Mtu anayepasua kuni mita 100 kutoka ulipo, shoka unaliona limetua karibu theluthi ya sekunde kabla ya kulisikia. Sauti kufika kabla ya tukio haijawahi kutokea duniani, ndiyo maana inakera haraka.

Sasa turudi kwenye YouTube yako. Programu nzuri ya video inaiuliza simu: sauti ninayotoa sasa hivi itasikika baada ya muda gani? Simu nayo inaweza kupata jibu kutoka kwenye eafoni, kwa sababu kiwango cha Bluetooth kina utaratibu wa eafoni kutangaza ucheleweshaji wake. Programu ikijibiwa milisekunde 200, inaizuia picha milisekunde 200. Sauti yako bado imechelewa vile vile, ila picha nayo imecheleweshwa, na wewe huna njia ya kujua kwa sababu huna cha kulinganisha nacho. Ndiyo maana wakati mwingine ukisimamisha video na kuiendeleza, mdomo na maneno vinapishana kwa sekunde moja au mbili kisha vinakaa sawa. Hapo programu inajipanga upya.

Eafoni za bei nafuu mara nyingi hazitangazi, au zinatangaza namba isiyo ya kweli. Simu inaishia kukisia. Ikikisia 150 na ukweli ni 250, unabaki na kasoro ya milisekunde 100 isiyobadilika. Hiyo ni dalili nzuri ya kuitambua: pengo likiwa lile lile mwanzo wa filamu na mwisho wake, ni hesabu ya ucheleweshaji iliyokosewa. Pengo likikua taratibu kadiri filamu inavyoendelea, faili ndilo lina kasoro, na eafoni hazihusiki.

Hapo ndipo tamthilia zako za flashi zinapoingia. Kabla ya kulaumu kitu chochote, ikate Bluetooth na usikilize kwa spika ya laptopu yenyewe. Faili nyingi zinazozunguka kwenye flashi zimenakiliwa na kubadilishwa muundo mara kadhaa, na baadhi zina pengo tayari. Kama ni filamu iliyotafsiriwa na dijei, usitazame midomo, kwa sababu sauti yake imefunika mazungumzo ya asili. Tazama mlango unaobamizwa, kofi au risasi. Spika ya laptopu ikiwa sawa na eafoni zikichelewa, basi laptopu haijui ucheleweshaji wa eafoni zako. Kwenye Windows hali hiyo ni ya kawaida kabisa.

Dawa yake ni kuipa programu hesabu hiyo kwa mkono. Ukitumia VLC, fungua tamthilia na eafoni zikiwa masikioni, tafuta tukio la mlango au kofi, kisha bonyeza herufi J kwenye kibodi. Kila ukibonyeza, sauti inawahishwa kwa milisekunde 50 na namba inaonekana juu ya picha. Rudia tukio lile lile, bonyeza tena, hadi mlango na kishindo chake vifike pamoja. Ukiona umepitiliza na sauti inatangulia, herufi K inarudisha nyuma kwa hatua hizo hizo. Tuseme umebonyeza J mara nne na mambo yametulia: umeshaipima laptopu yako na eafoni zako, na pengo lake ni kama milisekunde 200. Iandike mahali. Ukifungua faili jingine hesabu inaanza upya, lakini namba unayo. Kama umezoea kufungua VLC kwa amri, unaweza kuiingiza hapo hapo:

```
vlc --audio-desync=-200 tamthilia.mkv
```

Alama ya kutoa ndiyo inayowahisha sauti. Ukiisahau, utaichelewesha mara mbili.

Gemu ni kesi nyingine kabisa, na hapa sitaki nikupe matumaini ya uongo. Kwenye tamthilia picha inaweza kuzuiwa kwa sababu filamu nzima iko tayari. Programu inajua kitakachotokea sekunde ijayo. Kwenye gemu sauti ya mguu haipo hadi kidole chako kiguse kioo. Hakuna programu inayoweza kukizuia kidole chako, na ikiizuia picha gemu yenyewe itakuwa nzito isiyochezeka. Kwa hiyo milisekunde 200 unazisikia zote bila fidia. Hapo ndipo unaposikia ucheleweshaji halisi wa eafoni zako; YouTube ilikuwa inaufunika tu.

Kama eafoni zako zina hali ya gemu, ambayo kwa aina nyingi huwashwa kwa kugusa eafoni mara tatu au kupitia programu yake, ijaribu. Kinachofanyika humo ni kupunguza akiba. Ucheleweshaji unaweza kushuka hadi karibu na milisekunde 100 au chini kidogo, na tofauti utaisikia. Gharama yake utaisikia pia: ukiwa karibu na rauta, au ukiwa kwenye daladala yenye simu hamsini, sauti itaanza kukatika, kwa sababu akiba iliyokuwa inaficha pakiti zilizopotea haipo tena. Weka simu mbele yako, isiwe mfukoni, na hali itakuwa afadhali. Kama gemu kwako ni jambo la kila siku, eafoni ya waya ya bei ya chini kabisa itazishinda hizi, na za gharama pia. Hilo nalisema bila kusita.

LDAC hapa haikusaidii kitu. Ni kodeki nzuri ya Sony iliyotengenezwa kwa ajili ya ubora, inayoweza kupeleka hadi kilobiti 990 kwa sekunde. Mzigo mkubwa unahitaji hewa safi zaidi. Hewa ikichafuka inashuka hadi 660, kisha 330, ambayo ni karibu na SBC uliyo nayo. Haikubuniwa ili iwahi. Tena kodeki yoyote inafanya kazi pale tu pande zote mbili zinapoifahamu: eafoni zenye LDAC zikiunganishwa na aifoni au na laptopu ya Windows zinarudi kwenye AAC au SBC kimya kimya, bila kukuambia.

Na ile Bluetooth 5.3 iliyoandikwa kwenye boksi haisemi lolote kuhusu kodeki wala kuchelewa. Muziki wa kawaida wa Bluetooth bado unapita kwenye njia ya zamani, ile ambayo kasi yake iliongezwa mara ya mwisho mwaka 2004 na toleo la 2.0. Namba za 5 na kuendelea zimeboresha zaidi njia ya pili, ile isiyokula betri. Juu ya njia hiyo ndipo ulipojengwa mfumo mpya wa sauti unaoitwa LE Audio, uliokamilishwa mwaka 2022, wenye kodeki yake LC3. Huo ndio wenye nafasi ya kupunguza kuchelewa kweli kweli. Lakini eafoni inaweza kuwa ya 5.3 na isiwe nao. Tafuta maneno LE Audio yenyewe kwenye boksi, na uhakikishe simu yako inao. Kwa Android ulianza kuingia na toleo la 13, na si kila simu ya toleo hilo imewashiwa.

Tumalizie na Zoom, ambako muuzaji ameibahatisha nusu. Ni kweli hapo kodeki imebadilika, ila haikubadilika kwa sababu eafoni zako ni dhaifu. Ilibadilika pale maiki ilipofunguliwa.

Njia ya muziki niliyoieleza inakwenda upande mmoja tu, kutoka laptopu kuja sikioni. Haina pa kurudishia sauti yako. Zoom ikiomba maiki ya eafoni, laptopu inafunga njia ya muziki na kufungua nyingine iliyotengenezwa kwa ajili ya kupiga simu garini. Njia hiyo inapeleka kilobiti 64 tu kwa sekunde kila upande, na sauti inakuwa ya mono. Kodeki yake ya zamani, CVSD, inachukua sampuli 8,000 kwa sekunde, na sampuli zikiwa hizo hakuna sauti ya juu ya hezi 4,000 inayoweza kupita. Ile mpya kidogo, mSBC, ina sampuli 16,000, kwa hiyo inafika hezi 8,000. Muziki unataka hadi kwenye hezi 20,000. Kwenye CVSD unapoteza matoazi yote na ule ukali wa herufi "s" na "f", ndiyo maana mtu akitaja jina kwenye mkutano huna hakika kama ni Safina au Fasina. Chini nako, simu kwa desturi hukata kila kitu kilicho chini ya hezi 300, na besi yako ilikuwa inakaa huko.

Sasa angalia jambo moja kwa makini utakapoingia mkutano ujao. Sauti ikiwa nyembamba hivyo, midomo ya watu inakaribiana zaidi na maneno yao kuliko kwenye tamthilia. Njia ya simu haiweki akiba kubwa wala haihangaiki sana kurusha upya kilichopotea, kwa sababu watu wanaoongea hawawezi kusubiriana. Unapata uharaka, unalipa kwa ubora. Kwenye njia ya muziki unapata ubora, unalipa kwa muda. Malalamiko yako mawili yanatoka kwenye biashara hiyo hiyo moja, ila kila upande umebanwa kwa namna yake.

Kurekebisha ni rahisi. Ndani ya Zoom nenda kwenye Settings, kisha Audio, na mahali pa Microphone chagua maiki ya laptopu yenyewe badala ya ile ya eafoni. Kwenye Speaker acha eafoni zako. Windows 10 inazionyesha eafoni moja mara mbili, moja ikiandikwa Headphones au Stereo na nyingine Headset au Hands-Free. Wewe unataka ile ya Stereo. Maiki ya eafoni isipoguswa na programu yoyote, njia ya muziki haifungwi, na besi inarudi hapo hapo. Wenzako nao mara nyingi watakusikia vizuri zaidi, kwa sababu maiki ya laptopu haipiti kwenye hizo kilobiti 64. Kama chumba kina kelele na unaihitaji maiki ya eafoni, kubali sauti nyembamba kwa muda wa mkutano, ukijua sababu yake. Kwenye simu hali ni ile ile: gemu yenye maongezi ya wachezaji inaweza kukukondesha sauti ya mchezo mzima kwa sababu imefungua maiki, hata kama wewe husemi neno.

Kama sauti imekonda muda wote, hata kwenye muziki bila maiki, usikimbilie mipangilio. Weka wimbo wenye besi, kisha bana eafoni taratibu kwa kidole iingie sikioni. Besi ikitokea ghafla, mpira wa eafoni ni mdogo kuliko sikio lako na besi inavuja. Boksi lina mipira ya saizi nyingine, jaribu mkubwa zaidi. Angalia pia wavu mdogo wa mdomoni mwa eafoni, nta ya sikio ikiziba hapo upande mmoja unafifia kabla ya mwingine. Mpira na wavu vikiwa salama, ndipo kwenye simu ya Android ufungue Developer options kwa kugusa Build number mara saba, utafute Bluetooth Audio Codec wakati eafoni zimeunganishwa, na ujaribu kubadilisha kati ya AAC na SBC. Baadhi ya simu za Android zinabana AAC vibaya kiasi kwamba SBC inasikika nzuri zaidi. Ukiachana na eafoni na kuunganisha tena, hakikisha chaguo lako halijarudi lilikokuwa.

Na ukiamua siku moja kununua nyingine kwa ajili ya gemu, pima ukiwa dukani. Washa mlio wa kibodi kwenye simu yako, unganisha eafoni, fungua sehemu ya kuandika ujumbe na uchape herufi mfululizo. Mguso wa kwanza mmoja au miwili usiuhesabu, maana njia ya sauti inakuwa inaamka. Kuanzia wa tatu, chapa kwa mwendo wa mara tano kwa sekunde. Mlio ukikujia wakati kidole kinagusa herufi inayofuata, eafoni hizo zina milisekunde 200 au zaidi, chochote kilichoandikwa kwenye boksi. Kisha mwambie muuzaji awashe hali ya gemu, na uchape tena.